Rafiki anadhani Kigoma hatulali

*Nimemwandikia rafiki yangu wa kalamu aliye Uskochi barua pepe ya Kiingereza kumweleza siku yangu. Nimesema naamka 12 a.m., baba anarudi kutoka ziwani 1 a.m., na chakula cha usiku tunakula 2 a.m. Amejibu akiuliza tunalala saa ngapi. Nimekosea wapi? – Msomaji, Ujiji*

Tarakimu ndizo zilizokuponza. Umebeba saa ya Kiswahili ukaitua katika sentensi ya Kiingereza bila kuibadilisha, naye akasoma kwamba unaamka usiku wa manane, baba anarudi saa 7 za usiku, kisha mnakaa kula saa 8 usiku. Kwa alichosoma, swali lake ni la haki kabisa.

Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza, tukaanza upya linapozama. Kiingereza huanza usiku wa manane, kikaanza upya adhuhuri. Kati ya hesabu hizi mbili pana saa 6, hazipungui wala hazizidi. Kwa hiyo saa 1 hadi saa 6 unaongeza 6, na saa 7 hadi saa 12 unatoa 6. Ukiwa na saa ya mishale ukutani hata hesabu huhitaji: soma namba ambayo mshale mfupi umeifikia au umeipita mwisho. Tunaposema saa moja, mshale uko kwenye 7, na hiyo 7 ndiyo ya kuandika.

Dakika haziguswi, ila kwenye "kasoro" watu wengi hujikwaa. Anayetoka nyumbani saa 1 kasoro dakika 20 huchukua ile 1, akaifanya 7, kisha akaandika 7:20 au 7:40. Maliza kwanza kasoro yako kwa Kiswahili: saa 1 kasoro dakika 20 ni saa 12 na dakika 40. Sasa toa 6, upate 6:40 a.m. Kwa njia hiyohiyo, saa 2 kasorobo asubuhi ni saa 1 na dakika 45, yaani 7:45 a.m.

Baada ya namba, angalia a.m. na p.m. Alfajiri na asubuhi ni a.m., mchana na jioni ni p.m.; hapo hapana utata. Neno lenye mtego ni "usiku", maana usiku wetu mmoja umekatwa vipande viwili na saa yao. Kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku ni p.m.; ikifika saa 6 usiku inageuka a.m. Chakula chenu cha saa 2 usiku ni 8 p.m., lakini wavuvi wanaovuta nyavu saa 8 usiku wanavuta 2 a.m. Saa 6 mchana na saa 6 usiku huwachanganya hata wenye Kiingereza chao, kwa kuwa zote mbili ni 12. Hapo andika kwa mtindo wa saa 24: 12:00 kwa mchana, 00:00 kwa usiku.

Kuna jambo la Kigoma ambalo rafiki yako hataligundua usipomwambia. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, ambao uko baharini, mashariki ya nchi yetu nzima. Ninyi mko karibu na 29.6. Jua huchukua dakika 4 kuvuka digrii moja, basi kwenu linachelewa kama saa nzima nyuma ya mstari huo, na takriban dakika 39 nyuma ya Dar es Salaam. Ndiyo maana saa 12 asubuhi Ujiji bado ni giza au mwanga mchanga, na jua hutokea kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na robo kutegemea mwezi. Jioni ni vivyo hivyo: saa 12 jua bado lipo juu ya ziwa, na huzama karibu na saa 1 au saa 1 na kitu kutegemea mwezi. Msishangae basi kusikia mtu wa Kigoma anasema "saa moja jioni" mahali ambapo mtu wa pwani angesema "saa moja usiku". Wote wawili wanasema 7 p.m.; mmoja anatazama mwanga, mwingine anatazama hesabu. Kwenye barua pepe, sentensi moja inatosha: unaamka 6 a.m., na nje bado giza.

Sasa safari ya baba. Tuseme anaondoka mwaloni Ijumaa saa 11 jioni, 5 p.m., na anarudi Jumamosi saa 1 asubuhi, 7 a.m. Ukitaka kutaja kilichotokea saa 8 usiku katikati ya safari hiyo, kwa mazungumzo yetu ungesema "Ijumaa usiku", kwa sababu hajalala na siku kwake haijaisha. Kwa kalenda ya rafiki yako siku iligeuka usiku wa manane, hivyo ni Jumamosi, 2 a.m. Kiswahili kina kauli inayolimaliza jambo hili: "usiku wa kuamkia Jumamosi". Ukiifikiria kwanza kwa kauli hiyo, siku ya kuandika kwa Kiingereza unaipata hapohapo. Tahadhari na "usiku wa Ijumaa" ukimsikiliza mzee: kwa hesabu ya zamani siku huanza jua linapozama, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao vijana wangeuita Alhamisi usiku.

Nina neno pia juu ya vitenzi utakavyotumia kumweleza kazi ya baba. "Baba anavua dagaa" kwa Kiswahili yaweza kuwa kazi yake ya siku zote au jambo analofanya sasa hivi. Kiingereza kinatenganisha: ukiweka kitenzi chenye -ing, baba yuko ndani ya mtumbwi wakati unaandika. Jipime kwa hu-. Kama sentensi inakubali "baba huvua", "mimi huamka", "mama huanika dagaa", basi ni mazoea, na -ing haina nafasi. Lakini hu- haisemi ni nani. "Huamka" ni mimi, wewe au wao. Kiingereza hakikubali kitenzi kisicho na mwenyewe, kwa hiyo mtaje kila mara. Na kwa kuwa mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa na wavuvi hupumzika, usiandike kwamba baba huenda kila usiku. Ongeza kwamba siku za mwezi mpevu hukaa nyumbani, la sivyo rafiki atahesabu safari 30 kwa mwezi.

Ratiba yako ikisahihishwa inakuwa hivi: kuamka 6 a.m., baba kurudi 7 a.m., chakula cha usiku 8 p.m. Mwambie pia kwamba hizo ni saa za Tanzania, maana barua pepe yako kwenye kioo chake inaonyesha saa za kwake. Ukiituma saa 2 usiku, yeye ataiona imefika 17:00 wakati wao wa baridi na 18:00 wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka na sisi hatusogezi.