Fundi wa samani Ndeeba: websaiti ya milioni 1.5 au ukurasa tu?

*"Wakuu, nina karakana ya samani hapa Ndeeba, Kampala, vijana wanne. Kijana mmoja anataka shilingi milioni 1.5 anitengenezee websaiti, halafu 350,000 kila mwaka. Sasa hivi natumia WhatsApp na ukurasa wa Facebook. Nimlipe?"*

Usimlipe bado, bwana. Kwanza chukua daftari la oda, rudi nyuma oda 30, na mbele ya kila moja andika mteja alikujaje: alipita barabarani, alitumwa na mtu, aliona picha kwenye simu, au alikutafuta Google. Tuseme umepata 14 wapita njia, 11 wa kutumwa, 4 wa picha na 1 wa Google. Hapo websaiti itahudumia watu ambao tayari wana namba yako, na milioni 1.5 ni afadhali iingie kwenye mbao.

Ila huo ukurasa wa Facebook nao usiuhesabu sana. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, na anayeiingia anapitia VPN. Mteja wa Kampala hatawasha VPN ili aone kabati. Na akiiwasha, mtandao unaweza kumwona kama yuko nchi nyingine, kwa hiyo tangazo ulilolipia liwafikie watu wa Kampala linaweza kumkosa. Picha zako zihamishie TikTok au Instagram, na oda zipokelewe WhatsApp Business.

Hiyo WhatsApp Business ndiyo duka lako, basi ipange kama duka. Kila bidhaa kwenye katalogi iwe na picha, vipimo, aina ya mbao na bei. "Kitanda futi 5 kwa 6, mvule" bila bei huzaa maswali mengi na oda chache. Kiungo cha kumleta mteja moja kwa moja huandikwa hivi:

```
https://wa.me/256XXXXXXXXX?text=Naomba%20bei%20ya%20kitanda
```

Wengi hukosea hapa kwa kuanza na 07 au kuweka alama ya kujumlisha, na kiungo kinaweza kukataa. Ni 256 kisha tarakimu tisa, basi.

Laini yenyewe iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako wewe. Ikiwa ni ya kijana wa mapokezi, siku akiondoka anaondoka na wateja wako wote. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita, na usimpe mtu yeyote msimbo unaotumwa kwa SMS.

Kisha jiandikishe Google (business.google.com), ambako hulipi kitu. Weka alama ya ramani penye mlango wa karakana hasa, si katikati ya Ndeeba. Mara nyingi watakuomba video ya uthibitisho isiyokatwa: anza barabarani majirani waonekane, onyesha kibao chenye jina, ingia ndani, onyesha randa na msumeno, malizia kwa kufungua kufuli au stoo kuonyesha kwamba wewe ndiye mwenye mahali. Kama huna kibao, paka jina ukutani kwa rangi kwanza. Jina utakaloandika Google liwe lile lile la kwenye kibao. Ukiongeza "samani bora bei nafuu Kampala" wanaweza kuusimamisha wasifu.

Linalobadilisha hesabu ni aina ya mteja. Shule inayotaka madawati 60, au hoteli inayotaka vitanda 20, haiamui kwa TikTok. Mhasibu wao anataka nukuu ya bei yenye TIN, barua pepe inayofanana na jina la biashara, na mahali pa kuona kazi zilizopita. Kama katika oda zako 30 kuna tatu au nne za namna hiyo, au umezikosa kwa sababu waliuliza "mna websaiti?", basi ni wakati. Lakini hata hapo anza na jina la websaiti tu, la .co.ug au .com, pamoja na barua pepe yake. Jina unaweza kulielekeza kwenye katalogi yako ya WhatsApp hadi ukurasa utakapokuwa tayari. Ukurasa mmoja unatosha: kazi mlizofanya, vipimo, muda wa kutengeneza, masharti ya malipo ya awali, ramani. Kila picha isizidi KB 200 hivi, maana mteja wa bando dogo hasubiri.

Na huyo kijana wako, kabla ya senti yoyote mwulize jina la websaiti litasajiliwa kwa nani. Wengi husajili kwa jina na barua pepe yao; mkigombana mwaka wa pili, yeye ana jina na wewe una kadi za biashara ulizokwisha chapisha. Dai akaunti kwenye kampuni inayosajili jina ifunguliwe kwa barua pepe yako, nywila uwe nayo, na ile 350,000 aichanganue: jina kiasi gani, hifadhi ya websaiti kiasi gani, kazi yake kiasi gani. Akikataa kuichanganua, tafuta mwingine.