Zebaki inaingia kwa pua kuliko mkono: ushauri kwa wachomaji wa Chunya

Wachimbaji wengi wa Chunya wanaiogopa zebaki pale ambapo madhara yake ni madogo, halafu wanaisogelea bila wasiwasi pale inapowamaliza. Ikiwa kwenye kichupa, inang'aa na nzito, utasikia mtu anasema, "Mama, hiyo usiiguse." Ikiwa kwenye jiko la mkaa, imeshageuka mvuke usioonekana na usio na harufu, mtu yuleyule anainama juu yake apulize moto, na mtoto wake amechuchumaa pembeni.

Nimesimamia mwalo, yaani eneo la kusaga na kuosha mawe ya dhahabu, upande wa Makongolosi kwa miaka mingi, nina karasha na ubao wa kuoshea, na nimeona mikono ya vijana wangu ikianza kutetemeka. Kwa hiyo leo nataka tuzungumzie hatua moja tu ya kazi yetu, ile ya kuchoma zebaki iliyoshikana na dhahabu ili dhahabu ibaki peke yake, kwa sababu madhara mengi yanayompata mchimbaji na familia yake yanatoka hapo.

Tuanze na njia za kuingilia mwilini. Zebaki ya maji ukiimeza, karibu yote inapita tumboni na kutoka ilivyoingia. Inayofyonzwa haifiki hata sehemu moja katika elfu kumi. Kwa ngozi inapita kidogo, japo kuikanda kwenye karai kwa mikono mitupu kila siku si jambo la kuendekeza. Ukivuta mvuke wake, hesabu inageuka kabisa: kama asilimia 80 ya ulichovuta inabaki mwilini. Kutoka kwenye mapafu inaingia kwenye damu, inafika kwenye ubongo na figo, na kwa mama mjamzito inavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Ndiyo maana glavu peke yake haimsaidii mchomaji. Kitambaa puani hakisaidii pia, wala barakoa ya kawaida, kwa sababu mvuke si vumbi, unapenya. Na maziwa, jamani, ambayo wengi wanayanywa wakiamini yanaondoa zebaki, tuyanywe kwa sababu ni chakula. Yanaingia tumboni, na sumu hii imepita kwenye mapafu.

Kiasi chenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani linashauri hewa isizidi wastani wa mikrogramu 1 ya zebaki kwa kila mita ya ujazo. Maana yake gramu moja iliyoenda hewani inatosha kuchafua mita za ujazo milioni moja kufikia kiwango hicho. Sasa bonge la dhahabu iliyoshikana na zebaki, hata likikamuliwa vizuri kwenye kitambaa, bado huwa na zebaki karibu nusu ya uzito wake. Ukichoma bonge la gramu 12, umemwaga hewani gramu kama 6. Ukilichomea ndani ya chumba, nyingine inaganda ukutani, kwenye nyasi za paa na kwenye chandarua, halafu inaendelea kutoka kidogo kidogo kila jua linapochoma paa, siku nyingi baada ya dhahabu kuuzwa.

Kijana mmoja pale mwaloni alikuwa akiwachomea wenzake wote kwa malipo. Mwanzo alilalamika mdomo una ladha ya chuma na fizi zinauma. Baadaye akawa mkali bila sababu, mtu ambaye tulimjua kwa upole, na usiku halali. Alikwenda kutibiwa zaidi ya mara moja, akarudi na dawa za malaria, maana hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Nilichokiona mwenyewe ni kikombe cha chai: alikuwa anakishika kwa mikono miwili na bado chai inamwagika kwenye sahani. Nikampa kalamu nikamwambia achore mviringo kama konokono, kuanzia katikati kwenda nje. Mstari ulitoka na meno kama msumeno. Hicho si kipimo cha hospitali, lakini kila mwenye mwalo anaweza kukifanya kwa vijana wake na kuziweka karatasi alinganishe baada ya miezi michache.

Kipimo chenyewe cha mvuke ni mkojo. Nenda uoge na ubadilishe nguo za kazi kwanza, kwa sababu vumbi la mwaloni likiingia kwenye chupa majibu yatadanganya. Mwambie daktari kwa maneno yaliyo wazi, "Mimi nachoma dhahabu kwa zebaki." Usisubiri akuulize. Na kuna hali moja ya haraka: mtu aliyechomea chumbani, saa chache baadaye anaanza kukohoa, kifua kinabana, homa na baridi vinapanda, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Huyo atolewe kwenye chumba hicho mara moja na apelekwe hospitali, na watoto waliokuwemo waende naye, maana mapafu ya mtoto yanalemewa mapema zaidi. Kijana wetu alipoacha kuchoma, mwili ulianza kujisafisha taratibu. Zebaki ya namna hii hupungua kwa nusu katika muda wa kama miezi miwili, mradi huongezi nyingine.

Sasa dawa ya jiko la wazi ni retoti. Ukishaona mtambo wa gongo umeshaielewa: chombo kilichofungwa juu ya moto, bomba linaloteremka, na mvuke unaopoa ukawa maji. Fundi bomba yeyote wa Makongolosi au Mbeya mjini anaweza kukuungia kwa vipande vya bomba la chuma: kikombe chenye kifuniko cha kufunga kwa hesi, kona moja, na bomba refu la karibu sentimita 60 au zaidi linaloinamia chini. Kiwe chuma. Zebaki inashikana na aluminiamu, shaba na brasi na kuvila. Kama bomba limepakwa zinki, lichome kwanza nje likiwa tupu, ukiwa umesimama upande upepo unakotoka, kwa sababu moshi wa zinki nao unaleta homa.

Kabla ya kuweka bonge, paka kikombe kwa ndani chaki au majivu laini, au tandika kipande chembamba cha karatasi, dhahabu isigande kwenye chuma. Funga, kisha ziba maungio kwa udongo wa mfinyanzi uliolowekwa. Mwisho wa bomba uzungushie kitambaa kilicholowa kinachoning'inia kwenye bakuli la maji. Hapa naomba umakini: mdomo wa bomba usizame majini. Moto ukipungua kikombe kinapoa na kuvuta, maji yakipanda yakafika kwenye chuma chenye moto kinaweza kupasuka usoni kwako. Kitambaa kiguse maji, bomba lisiguse.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na mkaa mzuri unafika hapo bila shida. Panga mkaa uzunguke kikombe chote hadi juu, la sivyo mvuke unapoa kwenye kifuniko na kurudi chini. Lowesha bomba kwa kitambaa mara kwa mara. Kwa bonge dogo, nusu saa hivi inatosha. Matone yakikoma, endelea kidogo, gonga bomba taratibu yaliyobaki yashuke, kisha ondoa moto na usubiri. Usifungue mpaka uweze kukishika kikombe kwa mkono. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu mnunuzi amesimama mlangoni na kila mtu ana haraka. Ukifungua kikiwa cha moto, mvuke wote uliobaki unakuja usoni. Na kazi yote hii ifanyike nje, mbali na nyumba na jiko la chakula, kwa sababu retoti nzuri nayo huvuja kidogo.

Pingamizi kubwa nililokutana nalo ni uaminifu. Wachimbaji wanne waliochangia mfuko wa mawe wanataka waione dhahabu yao muda wote. Kuifungia kwenye chuma wanaona ni mwanya wa kuibiwa. Mizani ndiyo imenisaidia. Tunapima bonge mbele ya wote, mfano gramu 12.4. Baada ya kuchoma tunapima dhahabu, 6.1, na zebaki iliyorudi, 6.0. Jumla ni 12.1. Gramu 0.3 ndiyo imepotea, na zebaki iliyookolewa ni kama asilimia 95 ya iliyokuwemo. Pengo likizidi hapo, ungio linavuja. Tafuta lilipo kabla ya kuchoma tena. Zebaki iliyorudi ni ya wenye bonge, wanaitumia tena, na kwa bei yake ya sasa hakuna anayeiacha.

Pingamizi la pili ni rangi. Dhahabu ya retoti mara nyingi inatoka na wekundu wa kutu au weusi, na wanunuzi wanaitumia kushusha bei. Msikubali kuirudisha kwenye moto wa wazi ili ing'ae, maana bado ina zebaki kidogo ndani yake. Iyeyushwe kwa boraksi, chini ya dohani inayovuta. Na wanunuzi wanaoyeyushia dukani, katikati ya mji, wajue kwamba wao na majirani wao wanavuta kilichobaki kwenye dhahabu ya kila mchimbaji aliyepita hapo.

Retoti inapunguza zebaki, haiiondoi. Anayetaka kuiacha kabisa, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020 kwa ajili hiyo, aanzie kwenye kuosha. Pitisha unga kwenye ubao wenye mablanketi taratibu zaidi, kamua mablanketi mara nyingi zaidi, kisha chekecha makinikia kwenye karai hadi ubaki na vijiko vichache. Ondoa mchanga mweusi kwa sumaku iliyofungwa kwenye karatasi. Kilichobaki changanya na boraksi ya uzito uleule au mara mbili yake, weka kwenye kikombe cha udongo cha kuyeyushia, pandisha moto wa mkaa kwa kipulizo. Boraksi inauyeyusha mchanga ukawa kama kioo cha maji, dhahabu inazama chini. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wametumia njia hii kwa muda mrefu.

Mipaka yake ni ya kweli. Moto hafifu hauwezi, dhahabu inahitaji nyuzi 1,064. Makinikia yakiwa mengi boraksi inakula faida. Na mawe yenye salfa nyingi, yale yanayotoa harufu ya kiberiti kwenye moto, hayatoi vizuri. Gawa mfuko mmoja wa unga katikati, nusu kwa boraksi na nusu kwa njia yako ya zamani na retoti, upime mwenyewe kabla ya kuamua kwa duara zima, yaani shimo lako lote la kuchimbia.

Dhahabu laini inayotoroka huko inafuatwa na sianidi kwenye marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuosha, kama inavyofanyika kwenye kituo cha mfano cha STAMICO, shirika la madini la taifa, pale Itumbi. Lakini marudio yaliyopita kwenye zebaki yasiingie kwenye tenki la sianidi kabla zebaki haijaondolewa: sianidi inaiyeyusha, inanaswa na kaboni pamoja na dhahabu, na mwisho inatoka kama mvuke uleule dhahabu inapotolewa kwenye kaboni na kuyeyushwa kwenye tanuru. Kwa hiyo unapouza marudio, mwambie mnunuzi yametoka kwenye zebaki au la, na yale yasiyoguswa na zebaki yarundike upande wake.