Kujibu Hoja za CAG Kabla ya Kuitwa na PAC

Kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu katika uhasibu wa taasisi ya umma, kazi iliyonirudia kila mwaka ilikuwa kuandaa majibu ya hoja za ukaguzi, kisha kuketi nyuma ya Afisa Masuuli pale taasisi ilipoitwa Dodoma mbele ya Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali, ambayo wote tunaiita PAC. Ninamwandikia mhasibu, afisa ununuzi au mkaguzi wa ndani ambaye safari hii jalada hilo limewekwa mezani kwake. Nina jambo moja la kumweleza kwa kirefu: hoja hufungwa kwa ushahidi ambao mkaguzi ameuhakiki, na uhakiki huo unapaswa kuwa umekwisha kabla ya siku ya kikao.

Anza kwa kuielewa ratiba, kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania unaishia 30 Juni. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG, humkabidhi Rais ripoti ya mwaka huo kufikia mwishoni mwa Machi inayofuata, na Katiba, katika Ibara ya 143, inataka ripoti hiyo iwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa mkutano wa Bunge unaofuata baada ya Rais kuipokea. Ndiyo maana kila mwaka habari za CAG hujaa magazetini mwezi Aprili. Baada ya hapo kamati huanza kuzipitia taasisi, zikiwamo wizara na mashirika, huku halmashauri zikipelekwa kwa kamati nyingine, LAAC. Baadaye taarifa za kamati hizi hujadiliwa na Bunge zima. Kwa hiyo malipo yaliyofanyika Agosti 2022 yanaweza kusomwa na umma Aprili 2024 na kuulizwa na mbunge miezi kadhaa baadaye, wakati mtunza stoo amekwishahamishwa na mzabuni amekwishabadilisha namba ya simu.

Lakini kabla ya kufika kwenye ripoti kuu, hoja hiyo ilikwishapita mezani kwenu. Mkaguzi huanza na hoja za awali akiwa bado yupo ofisini kwenu, hufanya kikao cha kuhitimisha ukaguzi na menejimenti, kisha huandika barua kwa menejimenti ikiwa na hoja, athari zake, pendekezo lake na nafasi ya majibu yenu. Hoja nyingi ndogo zingeweza kufia hapo. Hazifi kwa sababu wakuu wa idara huchukulia barua hiyo kuwa ni shughuli ya mhasibu, naye mhasibu hana funguo za stoo wala jalada la zabuni.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa sura yake nimeiona mara nyingi. Taasisi imelipa shilingi 84,000,000 kwa matairi na vipuri vya magari. Mkaguzi anasema kwamba vifaa vya shilingi 31,500,000 havikuingizwa kwenye leja ya stoo, hakuna taarifa ya kamati ya ukaguzi na mapokezi ya mali, na malipo ya shilingi 12,000,000 hayana stakabadhi ya EFD. Jibu ambalo huandikwa kwanza, na ambalo ningependa ulifute papo hapo, husomeka hivi: “Hoja imepokelewa. Menejimenti imewaelekeza watumishi wahusika kuzingatia sheria na taratibu za manunuzi.” Jibu hilo halisemi vifaa viko wapi. Maelekezo kwa watumishi yanahusu manunuzi yajayo, ilhali mkaguzi anauliza juu ya fedha iliyokwisha kutoka.

Hoja kama hiyo igawe vipande, kila kipande na kiasi chake, na kila kiasi na mtu wa kukitafutia ushahidi. Tuseme baada ya kufuatilia mnagundua kwamba vifaa vya shilingi 22,500,000 vilipelekwa moja kwa moja kwenye karakana ya kanda bila kupitia stoo kuu. Hapo ushahidi hautakuwa kwenye leja, bali utapatikana kwenye hati ya makabidhiano iliyosainiwa karakana, kwenye kadi za matengenezo zinazoonyesha namba ya gari na kipuri kilichofungwa, na kwenye magari yenyewe ambayo mkaguzi anaweza kwenda kuyaona. Inabaki shilingi 9,000,000 ambayo hakuna mwenye nyaraka yoyote juu yake. Sehemu hiyo iandikeni hivyo hivyo ilivyo, kwamba vifaa havikupokelewa, kisha muambatanishe barua ya kumdai mzabuni na majibu yake. Nimeona Maafisa Masuuli wakiogopa kukiri kiasi kidogo, wakaacha chote cha shilingi 31,500,000 kisomwe Bungeni.

Hapa ndipo kishawishi kinapokuja, nami nakisema waziwazi kwa kuwa kila ofisi inakijua. Mtu hupendekeza hati ya mapokezi iandikwe leo kwa tarehe ya Agosti 2022. Wakaguzi hawaangalii tarehe peke yake. Vitabu vya hati hizo vina namba za mfululizo, na hati namba 0412 yenye tarehe ya Agosti ikiwa inatanguliwa na namba 0411 ya Februari mwaka uliofuata, swali limekwishajijibu. Leja nayo huonyesha mstari uliobanwa kati ya mistari miwili, au ukurasa mzima wenye kalamu moja na mwandiko mmoja kwa miamala ya miezi sita. Stakabadhi ya EFD ndiyo mbaya zaidi kuchezea, kwa sababu ina msimbo wa uhakiki unaoweza kuangaliwa kwenye mfumo wa TRA, na tarehe yake haibadiliki. Mzabuni akiitoa leo kwa malipo ya zamani, ipeleke ikiwa na tarehe yake ya leo pamoja na maelezo ya kwa nini ilichelewa. Hoja ya kiasi itakuwa na jibu, na itabaki ile ya udhibiti tu. Kughushi hati, kwa upande mwingine, kunaitoa hoja mikononi mwa wahasibu kabisa, maana CAG akiona dalili za jinai, Sheria ya Ukaguzi wa Umma, Sura ya 418, inamwelekeza kuviarifu vyombo vya uchunguzi.

Vipande vikishakamilika, omba uhakiki kwa maandishi kwa ofisi ya CAG inayowakagua. Usisubiri barua ya wito ya Katibu wa Bunge. Wakati wa uhakiki peleka nyaraka halisi pamoja na nakala, zipangwe kwa kufuata namba ya aya ya hoja, na mwishoni upate maoni ya mkaguzi yaliyosainiwa. Maoni hayo ndiyo yanayoingia kwenye safu ya mwisho ya jedwali la majibu, baada ya safu ya hoja, ya pendekezo na ya majibu ya menejimenti. Mjumbe wa kamati aliyezoea kazi yake huanza kusoma kutoka safu hiyo ya mwisho.

Sababu utaiona ukumbini. CAG au wawakilishi wake hukaa upande wa kamati kama washauri wake wa kitaalamu, na kabla ninyi hamjaingia wamekwisha kuwaeleza wajumbe maeneo yenye uzito. Upande wa Serikali kuna wawakilishi wa Hazina, na kwa mashirika yupo pia mtu wa Msajili wa Hazina. Afisa Masuuli anapomaliza maelezo yake marefu, Mwenyekiti humgeukia mkaguzi na kumuuliza kama amehakiki. Mkaguzi akisema amehakiki na ameridhika, mnasonga mbele. Akisema nyaraka hizo hajaziona, hata kama mmebeba maboksi manne nyuma ya gari, kamati itawaagiza mziwasilishe kwake na hoja itabaki wazi. Wajumbe hawakai pale kupekua hati za malipo moja moja, na hawapaswi.

Anayejibu ni Afisa Masuuli. Wengine wanazungumza pale anapoomba kwa Mwenyekiti mtaalamu wake aongezee. Kwa hiyo mwandalie ukurasa mmoja kwa kila hoja kubwa, wenye kiasi cha awali, kiasi kilichohakikiwa na kiasi kilichobaki, na umweleze mapema maswali mawili ambayo hayamo kwenye jedwali lakini huulizwa karibu kila mara: nani aliidhinisha malipo bila taarifa ya mapokezi, na amechukuliwa hatua gani. Kama hatua za nidhamu zimeanza, taja zimefikia wapi. Kama takwimu haipo, ni heri aseme, “Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba tuiwasilishe kwa maandishi,” na ataje siku, kuliko kukisia. Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, Sura ya 296, inaruhusu shahidi kuapishwa, na kutoa ushahidi wa uongo mbele ya kamati ni kosa.

Ni vizuri pia kujua kamati inaishia wapi. Haimfukuzi mtu kazi wala haimshtaki. Hutoa maagizo kwa taasisi, na yale mazito huyapeleka Bungeni kama mapendekezo, ambayo Bunge likiyapitisha huwa maazimio. Mwaka 2014, baada ya taarifa ya PAC juu ya akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu, Bunge lilipitisha maazimio yaliyogusa viongozi wakubwa, lakini kuwawajibisha walioteuliwa na Rais kulibaki kwa Rais, na mashauri ya jinai yakabaki kwa vyombo vyake. Wapo wanaoiona hali hiyo kuwa udhaifu wa kamati. Mimi naona nguvu yake kubwa iko kwenye kumbukumbu: kwa mujibu wa Sura ya 418 Maafisa Masuuli hupeleka majibu na mpango kazi kwa Mlipaji Mkuu wa Serikali, yeye huyaunganisha kwa ajili ya Bunge, na CAG katika ripoti inayofuata hueleza kila pendekezo limefikia wapi, iwe limetekelezwa, linaendelea kutekelezwa, au halijatekelezwa.

Turudi kwenye ile shilingi 9,000,000. Mzabuni amekubali kurejesha shilingi 750,000 kila mwezi kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali. Mwambie Afisa Masuuli tangu mwanzo kwamba hata mzabuni akilipa bila kuruka mwezi, itachukua mwaka mzima, na kwa kipindi hicho hoja itasomeka “inaendelea kutekelezwa”. Tunza kila stakabadhi ya malipo hayo pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha fedha imeingia, na zipeleke kwa mkaguzi kila robo mwaka badala ya kuzirundika. Siku utakapohamishwa kituo, jalada hilo liorodheshwe kwa jina kwenye hati yako ya makabidhiano, likiwa na awamu zilizolipwa na zilizobaki, kwa kuwa atakayeketi nyuma ya Afisa Masuuli mwaka unaofuata huenda akawa mtu ambaye hakuwahi kumwona mzabuni huyo wala kuifahamu karakana ya kanda.