Hapo hakuna kanisa: nilivyousaka wimbo wa lugha tatu

Kwa muda wa wiki mbili nilikuwa natafuta wimbo wa dini ambao haukuwa wa dini. Niliusikia mara moja tu, ndani ya gari, na nikashuka kabla haujaisha. Kichwani nilibaki na vipande vitatu: "na kanisa yo", "tujuu", na mstari mmoja wa Kiswahili, "usiniache njiani". Nikajiambia hapa pana kanisa, pana kuomba usiachwe, na "tujuu" labda ni "tu juu", yaani mbinguni. Basi huu ni wimbo wa injili. Nikazama kwenye nyimbo za injili na sikutoka na kitu.

Kosa lenyewe ni rahisi kulifanya. Wimbo ukichanganya lugha, sikio halituambii kwamba hapa limeshindwa. Linachukua sauti ngeni na kuivisha neno lililo karibu nayo katika lugha tunayoijua. Kilingala kinatutega zaidi Waswahili kwa sababu ni ndugu ya lugha yetu. Silabi zake nyingi huishia na irabu kama zetu, hata "na" wanayo. Kwa hiyo sikio linaridhika upesi. Mtu anaimba "mpo na yo", maana yake "kwa ajili yako", wewe unaondoka na "pona".

Aliyenitoa gizani ni rafiki anayekijua Kilingala. Mwanzoni nilikuwa nimemwandikia ujumbe nikimuuliza kama anajua wimbo wenye maneno "na kanisa yo". Akasema hapana. Siku nyingine nikarekodi sauti yangu nikiuimba, kwa aibu zote, nikamtumia bila kueleza nilichodhani nimesikia. Jibu likaja papo hapo: "Kaka, hapo hakuna kanisa. Ni nakanisi yo. Anasema anakuwaza." Katika Kilingala "kokanisa" ni kuwaza au kufikiri. Kile kipande cha mwanzo, "na", si kiunganishi, ni "mimi". Na "yo" ni "wewe".

Ndiyo maana nasema ukimwendea mtu anayejua lugha, mwimbie, usimwandikie. Ukiandika unampa neno lililokwisha kuharibika. Ukiimba unampa sauti, na wimbo unamsaidia kujua neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi.

"Tujuu" niliipata mwenyewe baada ya hapo, kwa kuwa sasa nilijua sijui. Nilijiimbia polepole nikagundua ile "j" haikuwa "j" yetu. Ilikuwa laini, kama "z" inayotaka kuwa "sh". Kiswahili hakina sauti hiyo, Kifaransa kinayo tele. Ukikuta sauti hiyo, au irabu inayopitia puani mwishoni mwa neno, shuku Kifaransa, hasa kwenye nyimbo za Kongo ambako vijineno vya Kifaransa vya mapenzi hupachikwa kila mahali. Tatizo ni kwamba Kifaransa hakiandikwi kinavyosikika. "U" yetu wao huandika "ou", ile "j" laini huandikwa "j" au "g", na mwishoni huweka herufi zisizotamkwa. Kwa hiyo "tujuu" ikawa "toujours", yaani daima. Ukitaka kuhakikisha neno la namna hii, liandike kwenye Google Translate. Kilingala kimo humo tangu 2022. Likikurudishia maana inayoingia kwenye wimbo, umepata. Likikurudishia neno lilelile, badilisha herufi ujaribu tena.

Sasa kutafuta. Watu wengi huandika mstari mzima ndani ya alama za kunukuu. Kwa wimbo wa lugha moja unaoukumbuka vizuri, sawa. Kwa wimbo wetu huu ni kujifungia mlango, kwa sababu alama zile zinadai maneno yafuatane vilevile, herufi kwa herufi, nawe huna uhakika hata wa herufi. Mimi nilichukua neno mojamoja kutoka kila lugha nikaandika hivi:

```
"nakanisi" "toujours" njiani lyrics
```

Kila neno peke yake limo kwenye kurasa nyingi mno. Lakini kurasa zenye Kilingala, Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja ni chache, na huo mchanganyiko ndio alama ya kidole ya wimbo. Neno la Kiswahili sikulifunga, na baadaye utaona kwa nini nilibahatika. Ukikosa, rudia na tahajia nyingine. Mashairi ya nyimbo hizi mara nyingi huandikwa na mashabiki, kila mtu kwa sikio lake: "na ngai" utaikuta "nangai" na hata "na nga". Jaribu pia lile kosa lako la mwanzo, maana hujakosea peke yako.

Kama mashairi hayajawahi kuandikwa popote, njia hii haitafika. Hapo imba au piga mruzi kwenye programu ya Google kwa sekunde 10 hadi 15, ukichagua kutafuta wimbo. Yenyewe inafuata tuni, lugha haiihusu. Shazam ni kitu kingine: inalinganisha rekodi yenyewe, kwa hiyo inataka wimbo uwe unapigwa hapo ulipo. Kuiimbia ni kujichosha.

Mtego mwingine ni majina. Nilikumbuka kwa mbali jina la mwanamume lililotajwa mara kadhaa wakati magitaa yamechanganya, nikadhani ndiye mwimbaji. Sehemu ile ya kucheza huitwa sebene, na humo huwa wanaitwa wafadhili, marafiki na wapiga vyombo. Wenyewe wanaita "kobwaka libanga", kurusha jiwe. Jina la humo linaweza kuwa la mtu aliyelipia tu atajwe. Usianze nalo.

Utafutaji ulinipa wimbo mmoja wenye jina la mwanamke ambalo sikuwa nalikumbuka kabisa. Nikausikiliza. Tuni ileile, "nakanisi yo" ipo, "toujours" ipo. Kiswahili hakuna, hata neno. Nilikaribia kuutupa, kisha nikajiuliza: kama wimbo ni wa Kilingala na Kifaransa, Kiswahili kiliingiaje? Mara nyingi kinaingia na mgeni. Wimbo hutoka kwanza kwa lugha za mwenyewe, halafu unarekodiwa upya na msanii wa lugha nyingine anapewa ubeti wake. Nikaandika jina la wimbo kwenye YouTube nikaongeza "remix", nikarudia na "ft". Toleo la pili lilikuwa pale, na ubeti wa Kiswahili ukaja baada ya kiitikio cha pili.

Nikauweka sauti juu kusubiri mstari wangu, ule mmoja niliokuwa na uhakika nao kwa sababu ni lugha niliyozaliwa nayo. Ukapita, nikarudisha nyuma, nikausikiliza tena mara tatu. Haimbi "usiniache njiani". Anaimba "nisikuache njiani".