Kuomba nafasi ya pili baada ya usaili kwenda vibaya

"Jana kwenye usaili wa kazi ya uhasibu nilibabaika, swali la usuluhishi wa benki likanishinda, ilhali ni kazi ninayoifanya kila mwezi. Naweza kuomba nafasi nyingine?"

Ndugu, unaweza, lakini mwandikie afisa ajira leo hii, kabla jopo halijamteua mtu, kwa kuwa uamuzi ukishatoka ni vigumu sana kuurudia. Usiombe usaili mzima upya, maana hilo litamlazimu kueleza kwa nini umependelewa kuliko wenzako. Omba dakika 15 za simu, au zoezi fupi la maandishi, kuhusu swali lile tu. Sababu ya kubabaika itoshe sentensi moja, bila kujitetea, kisha andika jibu ulilopaswa kulitoa: "Kwenye salio la taarifa ya benki ningeongeza fedha zilizopelekwa ambazo benki haijaziingiza, kisha ningepunguza hundi ambazo hazijawasilishwa." Mistari hiyo ndiyo itakayompa kitu cha kumwonyesha meneja, kwani ombi tupu huishia kwa afisa huyo. Pale ambapo alama za usaili hufungwa kwa kanuni, kama ilivyo kwenye ajira nyingi za umma, atakataa hata akikuamini. Hapo muulize kama unaweza kuomba nafasi itakayofuata.