Fundi wa mageti, vunja kazi yako kabla ya kwenda Chang'ombe

Kijana mmoja wa Tandika kaniandikia: "Shikamoo fundi. Nachomelea mageti na grili tangu nimalize la saba. Kuna jamaa anasema atanitolea cheti cha VETA bila mimi kwenda kufanya jaribio. Nimpe hela?"

Marahaba, mdogo wangu. Hela usimpe. Mwajiri makini huipeleka namba ya cheti VETA ikahakikiwe, na hata ikipita, kuna kitu kingine kinakusubiri getini. Kwenye saiti yoyote ya maana, ya bomba, ya matangi au ya mihimili, utapewa vipande viwili vya bamba na mashine, uambiwe uunge. Wakimaliza kuangalia kwa macho, wanakikata kipande vibanzi na kuvikunja. Cheti cha kununua kinakufikisha hapo, halafu unaaibika mbele za watu.

Najua kwa nini unakitaka, na sikulaumu. Mimi niliwahi kuchukuliwa kujenga banda la ghala, nikaandikwa kibarua. Aliyeandikwa fundi alikuwa kijana mwenye cheti, na viungo vyake vya juu nilikuwa navirudia mimi, nimening'inia kwenye jukwaa la miti. Jumamosi tukipanga foleni ya malipo, yeye alikuwa anapokea karibu mara mbili yangu. Nilipouliza, karani wa pale alinijibu bila hata kunyanyua kichwa: "Wewe una karatasi gani?" Miaka imepita na bado nikipita barabara ile naliangalia lile paa.

Kwa hiyo nilikwenda kuitafuta karatasi. Wengi mnadhani ni lazima ukakae darasani na watoto waliomaliza shule juzi. Hapana. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, umewekwa kwa ajili ya watu kama sisi tuliojifunzia vichochoroni. Kwa Dar nenda chuo chao cha Chang'ombe, ulizia dirishani. Unajiandikisha, unahojiwa, unaonyesha ushahidi wa kazi zako, wanakupima kwa awali ili waone umepungukiwa wapi, wanakufundisha hayo tu, kisha unapimwa rasmi. Mimi maswali niliulizwa kwa mdomo, kwa Kiswahili, na mtu aliyeshika chuma maishani mwake, hilo unaliona mkononi mwake.

Cheti chenyewe kina ngazi tatu, ya I ndiyo ya chini na ya III ndiyo ya juu. Hapa kuna kichekesho. Mzee aliyenilea karakanani ana karatasi ya zamani ya jaribio la ufundi, Gredi I, aliipata akiwa karakana ya reli. Siku moja dogo mmoja akamcheka: "Mzee, kumbe wewe ni levo wani!" Kwenye mfumo ule wa zamani hesabu ilikwenda kinyume. Gredi III ndiyo ilikuwa ya kuanzia na Gredi I ndiyo kilele. Mkiwa na baba au mjomba mwenye karatasi hiyo, msimdharau, na yeye asiitupe.

Kuhusu ushahidi nitasema jambo moja tu. Watu wanapeleka picha za mageti yamepakwa rangi ya dhahabu, yana maua na simba. Rangi inaficha mshono. Piga picha kiungo kikiwa kitupu, lile gamba linaloganda juu ya mshono limeshapondwa, kabla grenda haijapita. Hapo ndipo mpimaji anaona mkono wako. Ongeza barua ya mwenye karakana na ya mtaa wako.

Sasa nije kwenye kinachowaangusha mafundi wa mageti, maana siku niliyopimwa mimi tulikuwa kadhaa na niliona kwa macho. Tuliambiwa tuunge bamba mbili kwa umbo la T, mshono wa kona upande mmoja. Jirani yangu mshono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, umelala kama magamba ya samaki. Mpimaji akaubana kwenye jiliwa, akapiga nyundo mara mbili, bamba likang'oka. Ndani ule ukingo wa bamba ulikuwa umenyooka vilevile, hata alama za msumeno zilikuwepo. Chuma cha rodi kilikaa juu tu, mzizi haukuyeyuka kabisa. Wangu alipiga hadi bamba likalala, mshono haukuachia. Sisemi kwa kujisifu. Basi, nasema kwa kujisifu kidogo.

Jirani hakuwa fundi mbovu, kazi ya mageti ndiyo ilimlea hivyo. Skwea paipu ya geti ina unene wa milimita moja na kitu. Ukiweka umeme mkubwa unatoboa, kwa hiyo mkono unazoea umeme mdogo, rodi ya mm 2.5, na kudonoa: unagusa, unaachia, unagusa, unaachia. Kwenye paipu nyembamba hiyo ndiyo akili. Kwenye bamba la mm 6 au mm 10 chuma kinanyonya joto lote, na kudonoa kunaacha mshono baridi unaopendeza kwa nje. Tena mashine zetu nyingi za kusuka, zile zinazosukwa kwa waya mtaani, hazionyeshi ampea, unabadilisha tundu tu kwa mazoea. Kule unakuta kitufe chenye namba, na usipojua namba yako unabahatisha.

Yule mzee wangu alikuwa hanipi kazi ya mteja asubuhi kabla sijavunja kipande changu. Nilikuwa nachukia. Fanyeni hivi. Tafuta vipande viwili vya bamba la mm 6, urefu wa sentimita 10 hivi, hata vya skrepa, ila usage kutu na rangi vyote vitoke. Simamisha kimoja juu ya kingine, kishike kwa nukta kwenye ncha zote mbili, kisha unge upande mmoja tu. Tumia rodi ya mm 3.2, ile ya kawaida ya 6013, na umeme wa ampea 100 hadi 120. Ncha ya rodi iwe karibu na chuma, ielekee ndani kabisa ya kona, usiipeleke kwenye ubavu. Katikati simama makusudi, ponda gamba, anza tena na rodi mpya, maana makosa mengi yanajificha pale unapoanzia upya. Kiache kipoe chenyewe, usikitumbukize majini.

Kikishapoa, bana bamba la chini kwenye jiliwa, upige lililosimama kutokea upande usio na mshono, lilalie upande wenye mshono. Hapo mzizi ndio unavutwa. Likilala bila kuvunjika, vizuri. Likivunjika, soma ule mpasuko. Ukiwa wa kijivu na umekwaruzika wote hadi kwenye kona, chuma kilishikana. Ukiona mstari ulionyooka wa ukingo wa bamba, mzizi haukuyeyuka, ongeza umeme au punguza mwendo. Weusi ulionasa ndani ni gamba ulilolifukia kwa kutoponda vizuri. Matundu madogo mara nyingi ni rodi yenye unyevu, chuma kichafu, au umeinua rodi juu mno.

Ukishaacha kuona ule mstari, hamia kwenye mshono wa kusimama. Mtaani tunashusha, kutoka juu kwenda chini, kwa sababu ni haraka na hautoboi. Kwenye bamba nene mara nyingi unatakiwa upandishe, kutoka chini kwenda juu, na umeme unaupunguza kidogo ili chuma kisimwagike. Mkono unayumba pembeni, unatua kidogo kwenye kila ukingo, katikati unapita haraka. Asiyetua kwenye kingo huacha mfereji pembeni mwa mshono, na mfereji huo unaonekana hata kabla ya kukunja.

Na ile rodi ya 7018 mtakutana nayo saitini. Tarakimu mbili za mwanzo, 70, zinataja nguvu ya mshono, pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, wakati ile yetu ya 6013 ni 60,000. Lakini kinachosumbua ni unyevu: ikikaa wazi kwenye hewa ya Dar inakunywa maji, na haidrojeni inayoingia humo inaweza kupasua kiungo baadaye, fundi umeshaondoka. Ndiyo maana wanaitoa kwenye tanuri. Kwenye mashine nyingi za kusuka inakwama kuwaka, volti za kuanzia hazitoshi. Msijifunzie hiyo siku ya jaribio.

Maswali ya mdomo mengi ni ya mchoro na usalama. Mchoro ukionyesha pembetatu ndogo juu ya mstari wa mshale na z6 kushoto kwake, ni mshono wa kona wenye mguu wa mm 6. Kuhusu usalama, mtu akikuuliza habari ya kuchomelea bomba la mabati yenye zinki, usijibu "nakunywa maziwa". Sote tumekunywa, na homa ya moshi ule tumeipata vilevile. Jibu ni kusaga ile zinki itoke kwanza na kukaa mahali penye hewa.

Mafundi umeme mlioniandikia, nyie mna geti la pili. Cheti cha ufundi pekee hakikupi ruhusa ya kufunga nyaya nyumba za watu, leseni inatolewa na EWURA, na cheti ni moja ya vitu utakavyoulizwa huko. Washonaji niacheni, sindano siijui.

Jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia: ukishapata cheti, saiti bado watakupima. Cheti kinasema wewe ni fundi, kile kipande cha saitini kinasema unaweza mshono wao, kwa rodi yao, mkao wao. Wanakunja kibanzi, na wakiona mpasuko wazi unaozidi mm 3, umeanguka. Hata ukifaulu, kwa viwango vya kimataifa wanavyotumia kwenye matangi na mabomba, ukikaa miezi 6 bila kuchomelea kwa njia ile unarudi kupimwa. Msije mkanuna mkidhani mnaonewa. Mimi nilishanuna vya kutosha kwa sababu za kweli, hii si mojawapo.

Kijana wa Tandika, nimekujibu hadharani kwa kuwa mko wengi. Ile hela ya jamaa nunua pakiti ya rodi za mm 3.2 na bamba la skrepa pale Gerezani. Vunja, piga picha ya mpasuko, nitumie, nitakwambia unaona nini. Na kabla hujajaza fomu, angalia jina kwenye kitambulisho chako cha NIDA. Kama kazini wanakuita Juma na kitambulisho kinasema Jumanne, andika Jumanne, na barua ya mtaa iseme Jumanne. Fundi mwenzangu cheti chake kimekaa ndani hadi leo kwa sababu ya herufi tatu.