"Mzigo gani? Sijaweka kitu juu yake"

Wewe unayeanza kazi ya kuandika miongozo ya vifaa, ngoja nikupitishe kwenye sentensi moja iliyonichukua siku tatu. Ilikuwa kwenye mwongozo wa kidhibiti chaji, kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli ya sola, betri na taa. Mhandisi aliiandika hivi: "Volteji ya betri ikishuka chini ya LVD (volti 11.1), kidhibiti kitatenganisha mzigo hadi volteji ifikie LVR (volti 12.6)."

Nilidhani tatizo ni zile herufi, LVD, yaani kiwango cha volti ambacho umeme hukatwa, na LVR, kiwango ambacho hurudishwa, nikazifafanua kwa maneno marefu na kuona kazi imekwisha. Kisha nikampa mwalimu mmoja wa shule ya msingi asome. Akakwama kwenye neno ambalo sikuligusa kabisa. "Mzigo gani?" akauliza. "Sijaweka kitu juu yake."

Kwa fundi umeme, mzigo ni chochote kinachokula umeme: taa, redio, chaja ya simu. Kwa watu wengine ni kitu cha kubeba. Maneno ya aina hii yananitia hofu kuliko vifupisho. Msomaji akiona LVD anajua kuwa hajui, kwa hiyo atauliza. Akiona "mzigo" anaamini ameelewa, anaendelea kusoma akiwa amepotea. Kwa hiyo unapopitia rasimu, yatafute kwanza maneno ya kila siku ambayo mafundi wameyapa maana yao.

Jaribio la pili niliandika: "Betri ikiisha, kifaa kitazima taa." Fupi na rahisi, lakini msomaji mwingine akasema angeenda kununua betri mpya. Kwake betri iliyoisha ni betri iliyokufa. Isitoshe, sentensi yenyewe haikuwa kweli. Kidhibiti hukata umeme betri ikiwa bado na chaji kidogo, na hukata makusudi, kwa sababu betri ya risasi na asidi ikinyonywa hadi mwisho mara kwa mara huharibika mapema. Nilikuwa nimerahisisha mpaka nikapotosha.

Hapo nikamrudia mhandisi na swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: mtumiaji ataona nini, na wakati gani? Akanieleza kuwa taa zitazimika ghafla, pengine usiku, na alama ya betri itawaka nyekundu. Na kuna jambo litakalomchanganya zaidi. Taa zikishazimika, volti za betri hupanda zenyewe kidogo, hata kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa hakuna kinachovuta umeme. Mtu anasoma 12.1 kwenye skrini, anajua taa zilikatwa kwenye 11.1, anashangaa kwa nini haziwaki. Pengo kati ya 11.1 ya kukata na 12.6 ya kuwasha limewekwa kwa sababu hiyohiyo: kama kifaa kingewasha taa mara volti zinapopita 11.1, zingewaka, zikazima, zikawaka tena, usiku kucha.

Toleo lililochapishwa likawa hili:

"Taa zikizimika zenyewe na alama ya betri ikawaka nyekundu, kifaa hakijaharibika. Chaji ya betri imepungua sana, na kifaa kimezima taa ili kuilinda betri. Taa zitarudi zenyewe paneli ikishachaji betri hadi skrini isome 12.6. Kabla ya hapo hazitawaka hata namba ikipanda kidogo. Usiunganishe taa moja kwa moja kwenye betri."

Ni ndefu kuliko ya mhandisi, na sioni ubaya. Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, maana mtu aliye gizani hiyo ndiyo njia ya mkato atakayoiwaza kwanza, na akiifuata betri inapoteza ulinzi wake.

Utaona nimeiacha namba 12.6, kwa kuwa msomaji anaiona kwenye skrini. LVD na LVR nimezihamishia kwenye jedwali la fundi mwishoni. Neno LOAD nalo limebaki, kwa sababu limechapwa kwenye kifaa chenyewe: "tundu zilizoandikwa LOAD, yaani za kuunganishia taa". Ukilitafsiri na kulifuta, mtu atashika waya asijue auchomeke wapi. Na ukishaamua kuiita "alama ya betri", usije ukaiita "kiashiria" ukurasa wa nane. Msomaji ataanza kutafuta kitu cha pili.

Unapojaribu rasimu, usimuulize mtu kama ameelewa. Atasema ndiyo, kwa adabu tu. Mwambie: "Ni saa tatu usiku, taa zimezimika, utafanya nini?" Kisha nyamaza umtazame kidole kinaenda ukurasa gani. Mwalimu yule nilimrudia na toleo la tatu. Alisoma, akafunga kitabu, akasema, "Nitalala, nisubiri jua."